Mashine Inayofua na Kukausha Nguo Katika Pipa Moja

Ukifika katika mialo ya Ziwa Victoria iliyo karibu na Mwanza, kama vile Igombe au Kayenze, utaona dagaa wametandazwa juu ya mchanga au juu ya vichanja. Wavuvi huwavua usiku kwa mwanga wa taa, na kunapokucha dagaa huanikwa juani. Angalia vizuri jinsi wanavyoanikwa. Hawarundikwi. Humwagwa wakawa tabaka moja jembamba, ili jua na upepo viwafikie wote. Jua likiwa kali, jioni huwa wamekauka na wako tayari kupelekwa katika soko la Kirumba Mwaloni. Lakini dagaa hao hao wakiachwa katika lundo, wale wa juu watakauka na wale wa chini wataoza.

Nguo nazo hukauka kwa kanuni hiyo hiyo. Mjini Mwanza watu huzianika kwenye kamba, na wengine huzitandaza juu ya miamba mikubwa iliyopashwa joto na jua. Shida huja wakati wa mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na za masika, kuanzia Machi hadi Mei. Siku hizo hewa ya kando ya ziwa hujaa unyevu, na shati lililofuliwa asubuhi huweza kuwa bado bichi jioni. Kwa sababu hiyo baadhi ya nyumba za mjini zina mashine ya umeme ambayo hufua nguo, kisha huzikausha ndani ya pipa lile lile bila mtu kuzihamisha.

Ukiichunguza mashine ya namna hiyo, mara nyingi utaona imeandikwa namba mbili, kwa mfano 8/5. Namba ya kwanza ina maana kwamba mashine yaweza kufua kilo 8 za nguo. Namba ya pili ina maana kwamba yaweza kukausha kilo 5 tu. Nguo hupimwa zikiwa kavu kabla ya kufuliwa. Je, kwa nini pipa linalotosha kufulia kilo 8 halitoshi kukaushia kilo 8? Ukiweza kulijibu swali hili, utakuwa umeielewa mashine yote.

Jinsi nguo inavyokauka

Maji yaliyomo katika nguo hayapotei. Hugeuka kuwa mvuke na kuingia katika hewa. Ili jambo hili litendeke, mambo mawili yanahitajika. Kwanza, maji lazima yapate joto. Pili, hewa iliyochukua mvuke lazima iondoke, na nyingine isiyo na mvuke mwingi ichukue nafasi yake. Nguo iliyoanikwa kwenye kamba hupata joto kutoka kwa jua, na upepo huiletea hewa mpya kila wakati.

Hewa haiwezi kubeba mvuke bila kikomo. Fikiria sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita 1. Hewa iliyomo ikiwa na joto la nyuzi 25 za sentigredi, yaweza kubeba gramu 23 za maji, yaani vijiko vya chai vipatavyo 5. Hewa hiyo ikipashwa hadi nyuzi 60, yaweza kubeba gramu 130, yaani zaidi ya nusu kikombe. Basi hewa ya moto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Na kinyume chake ni kweli pia: hewa ya moto iliyojaa mvuke ikipozwa, hulazimika kuyaacha maji isiyoweza kuyabeba tena.

Jambo hili umekwisha kuliona jikoni. Chemsha maji katika sufuria yenye mfuniko, kisha mwombe mtu mzima auinue mfuniko huo. Utaona matone mengi upande wake wa chini. Mvuke umegusa bati lililo baridi kuliko wenyewe, ukageuka tena kuwa maji. Sasa weka kitambaa kilicholoweshwa kwa maji baridi juu ya mfuniko na kuufunika tena. Matone yatakuwa mengi zaidi, na yatatokea upesi. Ukumbuke mfuniko huo, maana tutaukuta tena ndani ya mashine.

Ndani ya mashine

Mashine hii ina mapipa mawili, moja ndani ya jingine. Pipa la nje limetulia na halivuji, kwa sababu ndilo linaloshika maji ya kufulia. Pipa la ndani ni la chuma, lina matundu madogo mengi, na ndilo linalozunguka likiwa na nguo. Upande wa ndani wa pipa hilo kuna matuta matatu hivi, ambayo huzinyanyua nguo pipa linapozunguka.

Kazi ya kukausha huanza kabla ya joto kuwashwa. Baada ya nguo kusuuzwa, pipa la ndani huzunguka kwa kasi kubwa, pengine mara 1,200 kwa dakika. Nguo hubanwa kwenye ukuta wa pipa, na maji hurushwa nje kupitia matunduni. Huku ndiko kukamua. Nguo za pamba zilizokamuliwa kwa kasi hiyo hubaki na maji yapatayo nusu kilo, au zaidi kidogo, katika kila kilo moja ya nguo. Mashine ikiwekwa ikamue kwa kasi ndogo zaidi, maji mengi zaidi hubaki. Maji yanayoondolewa kwa kukamua huondoka kwa umeme kidogo sana. Yale yanayobaki ndiyo ya gharama, kwa maana hayawezi kuondoka mpaka yageuzwe kuwa mvuke.

Kisha mwendo wa pipa hubadilika. Sasa huzunguka polepole, kiasi cha mara 50 kwa dakika. Matuta huzinyanyua nguo mpaka karibu na juu, nazo huanguka chini zikiwa zimekunjuka. Juu ya pipa la nje kuna feni ndogo na koili ya umeme, inayofanana na ile ya jiko la umeme. Feni huipuliza hewa juu ya koili, hewa hupata moto, huingia katika pipa na kupita katikati ya nguo zinazoanguka. Humo hubeba mvuke.

Hapa ndipo mashine hii inapotofautiana na mashine nyingi zinazokausha tu. Baadhi ya mashine zinazokausha tu huitupa hewa yenye mvuke nje ya nyumba kwa bomba nene. Mashine yetu, katika aina iliyo ya kawaida, haina bomba hilo. Badala yake, hewa yenye mvuke hutoka katika pipa na kushuka au kupanda katika njia nyembamba iliyo nyuma ya pipa la nje. Katika njia hiyo maji baridi ya bomba hutiririka kidogo kidogo. Hewa ikikutana na maji hayo hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa maji. Ni kama ule mfuniko wa sufuria uliowekewa kitambaa cha baridi. Maji yaliyotoka katika mvuke na maji yaliyotumika kupoza hukusanyika chini, na pampu huyasukuma nje kwa mpira ule ule uliotoa maji ya kufulia. Hewa iliyopungukiwa na mvuke hurudi kwenye feni, hupashwa moto tena, na safari huanza upya.

Watu wengi hushangaa kuambiwa kwamba mashine hutumia maji ili kukausha nguo. Wewe sasa hushangai.

Kwa nini kilo 8 hufuliwa na kilo 5 hukaushwa

Fanya jaribio hili pamoja na wenzako. Chukueni ndoo moja na mashati makavu. Yatieni ndooni bila kuyashindilia mpaka ijae, kisha yahesabuni. Sasa yatoeni, myaloweshe yote, myakamue na kuyarudisha ndooni. Mtaona kwamba hayaijazi tena ndoo. Nguo mbichi hulala na kushikamana, lakini nguo kavu huvimba kwa hewa iliyo kati ya nyuzi na mikunjo yake.

Pipa la mashine yenye namba 8/5 huweza kuwa na ujazo wa lita 60 hivi. Ukitia kilo 8, kila kilo ina nafasi ya lita 7 na nusu. Kwa kufua, nafasi hiyo inatosha, maana nguo zikishalowa hulala chini, nazo zinahitaji tu kugeuzwageuzwa katika maji ya sabuni. Ukitia kilo 5, kila kilo hupata lita 12. Nafasi hiyo iliyoongezeka ndiyo inayoziwezesha nguo kunyanyuliwa na kuanguka. Hata hivyo bado ni finyu. Mashine iliyoundwa kwa kukausha tu, yenye uwezo wa kilo 7 au 8, huwa na pipa la lita 100 au zaidi. Kwa hiyo pipa letu la lita 60 ni pipa la kufulia lililopewa kazi ya pili. Halikutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo peke yake.

Sasa fikiria pipa hilo likiwa na kilo 8 za nguo mbichi, na joto limewashwa. Hakuna nafasi ya kuanguka. Nguo zote huzunguka pamoja kama bumba moja. Hewa ya moto, ambayo daima hupita penye njia rahisi, huzunguka kando ya bumba na kutoka bila kuingia katikati. Nguo za nje hupata moto na kuanza kukauka, na kadiri zinavyokauka ndivyo zinavyovimba na kulizidi kulibana pipa. Nguo za ndani hubaki bichi. Ni lile lundo la dagaa tena, ila safari hii limo ndani ya chuma.

Shuka huleta taabu ya pekee. Shuka kubwa huweza kujiviringisha na kumeza nguo ndogo ndani yake. Hata kama mzigo wote haufiki kilo 5, soksi zilizomezwa na shuka zitatoka bichi. Kwa hiyo ni afadhali shuka zikaushwe peke yake, moja au mbili kwa mara moja.

Kwa nini kazi huchukua muda mrefu

Sufuria yenye lita 1 ya maji yenye nyuzi 25, ikiwekwa kwenye jiko, huenda ikachemka baada ya dakika 10. Lakini ukiyaacha maji hayo yaendelee kuchemka kwa moto ule ule mpaka yaishe, utangoja zaidi ya saa nzima baada ya hapo. Kuyageuza maji yote kuwa mvuke huhitaji joto zaidi ya mara 7 ya lile lililohitajika kuyachemsha. Nguo hazihitaji kuchemshwa ili zikauke, lakini deni hili la joto haliwezi kukwepwa. Iwe ni juani au mashinani, kila lita ya maji lazima ilipiwe.

Katika mashine malipo ni umeme. Kuipasha joto lita 1 ya maji iliyomo katika nguo na kuigeuza kuwa mvuke huhitaji kiasi cha uniti 0.7 za umeme. Uniti hizo ni zile zile zinazonunuliwa kwa LUKU. Koili yenye nguvu ya wati 1,000 ikiwaka kwa saa 1 hutumia uniti 1.

Tuhesabu sasa. Nguo za kilo 5, baada ya kukamuliwa, zina maji lita 2.5. Zidisha 2.5 kwa 0.7. Utapata uniti 1.75. Ikiwa koili ni ya wati 1,200, yaani hutoa uniti 1.2 kwa kila saa, itahitaji kiasi cha saa 1 na nusu ili kutoa joto hilo. Lakini hesabu hiyo ingekuwa sahihi tu kama joto lote lingeingia katika maji ya nguo. Sivyo ilivyo. Mapipa mawili hupata moto, kuta za mashine hupata moto, chumba hupata moto, na maji ya kupozea hubeba joto na kwenda nalo nje kila dakika. Kwa hiyo kazi hiyo huchukua saa 2 na nusu au 3, na uniti zitumikazo huweza kuzidi 3. Ukiongeza muda wa kufua, mzigo mmoja huweza kukaa mashinani saa 5.

Je, koili yenye nguvu zaidi ingepunguza muda? Kidogo tu. Joto likizidi, nguo huharibika, na pia njia ya kupozea haiwezi kuugeuza mvuke wote kuwa maji kwa upesi huo. Mashine huendeshwa na sehemu yake iliyo ya polepole kuliko zote. Ziko mashine mpya ambazo hupoza na kupasha hewa kwa njia inayofanana na ile ya friji. Hizo hutumia umeme mchache zaidi, na hazihitaji maji ya kupozea, lakini nazo si za haraka.

Sare za kesho asubuhi

Tuseme familia moja inayokaa Nyakato ina mashine ya 8/5. Ni jioni ya Aprili, mvua imenyesha mchana kutwa, na watoto watatu wanahitaji sare kesho asubuhi. Mama amekusanya sare, taulo mbili nene na nguo nyingine, jumla kilo 7. Saa 2 usiku anazitia zote, anachagua kufua na kukausha, kisha familia inakwenda kulala. Umeme haukatiki. Saa 11 alfajiri wanafungua mlango wa mashine. Nguo ni za moto. Zimekunjamana vibaya. Mishipi ya sketi, mifuko ya kaptura na kola za mashati vina unyevu, na taulo zilizokuwa katikati ni bichi kabisa.

Mashine haikuharibika. Nguo za kilo 7 zilibaki na maji lita 3.5. Kuzikausha kulihitaji uniti 2.45 hata bila kupoteza joto lolote, na pipa halikuwa na nafasi ya kuzinyanyua. Mashine ilifika mwisho wa muda iliowekewa, ikazima. Uniti zilikwisha kutumika, na sare hazivaliki.

Mama huyo huyo angeweza kufanya hivi. Afue kilo zote 7 pamoja, kwa sababu kufua kunaruhusu, na achague kasi kubwa ya kukamua. Kufua kukiisha, kiasi cha saa 4 usiku, afungue mlango na kutoa taulo na nguo zisizo na haraka. Abakize sare tu, tuseme kilo 3. Azikung'ute moja moja ili zisishikamane, na kuzirudisha. Sare hizo zina maji lita 1.5, ambazo kwa hesabu yetu ni uniti 1.05. Pipa lina lita 20 kwa kila kilo, basi hewa yapita vizuri. Zaidi kidogo ya saa 1 na nusu yatosha, na kabla ya saa 6 usiku sare zitakuwa kavu. Taulo zaweza kuanikwa barazani zingoje jua. Kama jua halitoki, zitakaushwa kesho peke yake.

Angalia kwamba mzigo uliopunguzwa kutoka kilo 7 hadi 3 haukuchukua muda mfupi tu. Ulikauka, na ule mkubwa haukukauka. Kugawa mzigo mara mbili ni kazi ya kuchosha, na si ajabu watu huona uvivu kuamka usiku kwa ajili hiyo. Lakini pipa halijui uvivu wetu.

Maji ya kupozea na shida zake

Tumesema maji ya bomba huupoza mvuke. Yanahitajika kiasi gani? Maji yaliyoingia na nyuzi 25 na kutoka na nyuzi 50 yamebeba joto la nyuzi 25. Ili kuugeuza mvuke wa lita 2.5 kuwa maji, zinahitajika lita 55 hivi za maji ya namna hiyo, yaani karibu ndoo 3 kubwa za lita 20. Katika nchi za baridi, maji ya bomba huweza kuwa na nyuzi 10. Yakitoka na nyuzi 50 yatakuwa yamebeba nyuzi 40, na lita 35 zitatosha.

Maji ya Mwanza hutoka ziwani. Huvutwa kwa pampu, kama pale Capri Point, na kupandishwa katika matangi ya vilimani. Ziwa letu liko karibu na Ikweta, na maji yake hayawi baridi kama ya mito ya Ulaya. Huwa na nyuzi 25 hivi. Tena nyumba nyingi huyahifadhi katika matangi meusi ya plastiki yanayopigwa na jua, na alasiri maji hayo huwa ya uvuguvugu. Mashine nyingi hufungulia maji ya kupozea kwa kiasi kile kile, yawe baridi au ya uvuguvugu. Yakiwa ya uvuguvugu, mvuke mwingi haugeuki kuwa maji, bali hurudi katika pipa na kuzigusa nguo tena. Ndiyo maana mashine hiyo hiyo hukausha kwa haraka zaidi usiku, maji ya tangini yakiwa yamepoa, kuliko saa 9 alasiri.

Kama maji ya bomba yamekatika na tangi ni tupu, mvuke hauna pa kwenda kabisa. Nguo zitazunguka katika hewa ya moto iliyoshiba mvuke, kama wali ndani ya sufuria iliyofunikwa. Baadhi ya mashine hutambua hali hiyo na kusimama. Nyingine huendelea mpaka muda uishe.

Waweza kutambua kama njia ya kupozea inafanya kazi bila kufungua chochote. Wakati wa kukausha, tazama mwisho wa mpira wa kutolea maji. Kila baada ya muda pampu huvuma na maji ya vuguvugu hutoka. Kama hayatoki kabisa, huenda bomba la kuingizia maji limefungwa, au tangi limekauka. Kama yanatoka yakiwa baridi na nguo ni za baridi pia, huenda koili haiwaki. Kama maji yanatoka vizuri lakini muda wa kukausha umekuwa ukirefuka mwezi hata mwezi, shaka iangukie nyuzi. Nguo zinapoanguka hutoa vinyuzi laini, na katika mashine nyingi za aina hii hakuna chujio la kuvizuia. Vingi huoshwa na maji, lakini vingine hunata katika njia ya kupozea na kwenye feni, na hewa hukosa nafasi ya kupita. Utaviona pia katika mikunjo ya mpira wa mlangoni, vimekuwa kama ute wa kijivu, na nguo zilizofuliwa hutoka na vinyuzi hivyo. Mpira wa mlangoni waweza kupanguswa nyumbani kwa kitambaa, mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa. Njia ya kupozea iko ndani, karibu na umeme, na hufunguliwa na fundi.

Jambo moja zaidi la kuangalia. Nguo ikitoka mashinani ikiwa ya moto, mkono hudanganyika. Huweza kuonekana kavu, na baada ya dakika chache ikipoa ukauhisi unyevu. Kwa hiyo ikung'ute, ingoje ipoe, kisha ishike penye mshono mnene au mfukoni. Palipo pazito ndipo maji hukaa mwisho.

Kazi ya kufanya

Tafuta mizani ya kupimia nafaka au samaki. Pima taulo kavu na uandike uzito wake. Ilowesha, ikamue kwa mikono kwa nguvu zako zote, na uipime tena. Tofauti ya uzito ni maji yaliyobaki. Linganisha na nusu kilo kwa kila kilo inayobaki baada ya mashine kukamua, na ueleze kwa nini mashine hukamua vizuri kuliko mikono.

Kisha chukua vitambaa sita vilivyo sawa, uviloweshe na kuvikamua sawasawa. Vitandaze vitatu kwenye kamba, kila kimoja peke yake. Vitatu vingine vifungie pamoja vikawa bumba, na ulitundike bumba hilo kwenye kamba ile ile. Pima mafungu yote mawili kila baada ya nusu saa na uandike. Ukimaliza, piga hesabu hii: mashine yenye namba 10/6 ina koili ya wati 1,400. Je, nguo za kilo 6 zilizokamuliwa vizuri zina lita ngapi za maji, zinahitaji uniti ngapi, na koili ingehitaji muda gani kama joto lisingepotea?